Protekta mpya, kidole kinakataa

*Habari fundi. Natumia Galaxy S22 Ultra. Nilibandikiwa protekta ya kioo, na tangu siku hiyo kidole kinakubali mara moja nikijaribu mara kumi. Chaji ya bila waya nayo imegoma. Kava langu lina pete ya chuma ya kushikia. Nivue vyote? Na hii protekta inakinga kweli simu ikidondoka?*

Kava libakize, pete itoe, protekta ibadilishe. Nianze na kidole, maana hapo ndipo wengi wanapobadilishiwa protekta tatu bila kuambiwa sababu.

Simu nyingi zenye kisoma kidole chini ya kioo hutumia mwanga: kioo kinawaka, mwanga unagonga kidole na kurudi kwenye kamera ndogo iliyo chini. Ya kwako si hivyo. Inatumia mawimbi ya sauti tusiyoyasikia, kama altrasaundi ya kliniki. Umeona mama mjamzito anavyopakwa jeli tumboni kabla ya kipimo? Jeli ile inaondoa hewa, kwa sababu sauti hiyo ikikutana na hewa inarudi ilikotoka. Sasa kioo cha S22 Ultra kimepinda kingoni, na protekta nyingi za vioo vya aina hiyo zina gundi pembeni tu, kuzunguka. Katikati panabaki hewa, nyembamba kuliko unywele, lakini inatosha kuizuia sauti isifike kidoleni.

Hakikisha mwenyewe. Zima kioo, simama dirishani, uilaze simu mpaka mwanga uteleze juu yake. Ukiona madoa kama mafuta juu ya maji pale unapoweka kidole, nayo yanahama ukibonyeza, hewa ndiyo hiyo.

Dawa ni protekta ya gundi ya maji inayokaushwa kwa taa ya UV. Gundi inajaza nafasi yote na kufanya kazi ya ile jeli. Ila fundi awe mtulivu. Simu izimwe, ilazwe pasipo mteremko, na tundu la spika ya sikioni na vitufe vya ubavuni vizibwe kwa tepu kwanza. Mimi mwenyewe niliwahi kuharakisha, gundi ikaingia kwenye spika, mteja akawa anasikia watu kama wanaongea ndani ya pipa. Usipomwamini fundi wako kwa hilo, weka protekta laini ya plastiki inayoshika kioo chote. Haizuii mengi, lakini kidole kitasoma.

Ukishabandika, futa alama zote za zamani, kisha sajili upya dole gumba lile lile mara mbili. Washa pia `Settings > Display > Touch sensitivity`, ingawa hiyo inasaidia mguso tu, hewa haiitoi. Na usisajili kidole juu ya kava laini la mbele lenye vinundu kwa ndani. Mwaka 2019 Galaxy S10 iligundulika inafunguka kwa kidole cha mtu yeyote kupitia makava ya namna hiyo, kwa sababu kisomaji kilichukua vile vinundu kama sehemu ya alama ya kidole. Samsung walilazimika kutoa sasisho.

Chaji haihusiani na protekta, kwani koili, yaani waya uliozungushwa wa kupokea chaji, iko mgongoni. Pete yako ya chuma imekaa kati ya koili hiyo na ile ya chaja. Nguvu ya sumaku inayotoka kwenye koili ya chaja inaizungushia umeme, pete inapata moto, na chaja ikihisi hivyo inajizima. Vua kava na ujaribu: ikichaji, mkosaji umempata. Kava la plastiki lenye unene wa milimita 2 au 3 halina shida. Kava lenye duara la sumaku linafanya kazi kwa sababu sumaku zimezunguka koili na kuiacha katikati wazi. Kadi ya benki usiichomeke mgongoni hata kidogo wakati wa kuchaji.

Kuhusu kudondoka, ile 9H kwenye boksi ni ugumu wa kalamu ya risasi inayotumika kupimia mkwaruzo, haisemi lolote kuhusu kuanguka. Mchanga bado utaikwaruza. Kioo cha milimita 0.33 kinasaidia simu ikiangukia uso juu ya kokoto. Lakini simu nyingi hutua kwa kona, na hapo kishindo kinapita kwenye fremu na kufika kioo halisi bila kuigusa protekta. Kona zinalindwa na kava laini lenye nafasi ya hewa pembeni, na lenye ukingo uliopanda juu ya kioo. Kumbuka protekta nayo inakula huo ukingo. Laza rula juu ya simu kutoka ukingo mmoja wa kava hadi mwingine, kisha pitisha chini yake karatasi ya kawaida iliyokunjwa mara mbili, unene wa kama milimita 0.4. Isipopita, tafuta kava lenye ukingo mrefu zaidi kabla hujarudi kwa fundi kubandika.