Maswali na majibu: Snapshoti uliyoisahau tangu siku ya viraka

Kabla ya kuweka viraka kwenye seva zetu za VMware huwa napiga snapshoti. Bosi anasema usiku huo bekapu haina haja. Ni kweli?

Usikubali. Ukipiga snapshoti hakuna nakala ya diski inayotengenezwa. Diski ya awali inafungwa isiandikwe tena, na linafunguliwa faili jipya, lenye jina kama `seva01-000001.vmdk`. Kila kinachobadilika kuanzia hapo kinaandikwa humo. Kurudi nyuma ni kulitupa faili hilo tu, ndiyo maana hakuchukui muda. Ila diski ya awali ikiharibika, faili la mabadiliko peke yake halikufai kitu. Bekapu itangulie, tena ikae kwenye hifadhi nyingine.

Fundi, nisaidie haraka. Seva ya hifadhidata ina snapshoti ya siku nne. Asubuhi hii imeganda, skrini inasema nafasi ya diski imekwisha. Nifute snapshoti?

Subiri kidogo. Tuseme diski ya seva ni ya GB 200 na stoo yake, yaani hifadhi inamokaa faili za diski hiyo, ilibakiwa na GB 60. Hifadhidata ikigusa GB 15 mpya za diski kila siku, siku ya nne GB 60 zimekwisha, ingawa wewe hujaongeza chochote. Faili la mabadiliko linaweza kukua hadi likaribie ukubwa wa diski yenyewe. Na si seva hiyo tu inayoumia: mashine pepe nyingine zinazotumia stoo hiyo, kama diski zao zinakua kadiri zinavyotumika, nazo zitasimama.

Usibonyeze Retry wala usiwashe upya seva mama inayobeba mashine pepe hizo kwa matumaini. Tafuta nafasi kwanza. Futa faili za ISO zilizolala humo, au hamishia mashine moja kwenye stoo nyingine. Njia ambayo wengi hawaikumbuki: zima mashine pepe isiyo na kazi ya dharura. Inapowashwa, kila mashine hutengeneza faili la `.vswp` lenye ukubwa wa memori yake, kasoro ile iliyotengewa moja kwa moja. Ukizima mashine ya memori ya GB 16 isiyotengewa kitu, unarudishiwa GB 16 papo hapo.

Ukishapata nafasi, jibu Retry, seva itaendelea ilipoishia. Hapo ndipo ufute snapshoti. Kazi hiyo inahitaji nafasi kwa sababu seva inaendelea kuandika wakati mabadiliko ya zamani yanaunganishwa na diski ya awali, na maandishi hayo mapya lazima yapate pa kukaa. Faili la GB 60 linaweza kuchukua saa kadhaa, na asilimia zinaweza kung'ang'ania 99 kwa muda mrefu. Usikatize. Mwishoni seva inaweza kusimama kwa sekunde chache. Waambie watumiaji mapema.

Ukimaliza ukakuta ujumbe `Virtual machine disks consolidation is needed`, orodha ya snapshoti iko tupu lakini faili bado zipo. Mara nyingi programu ya bekapu ndiyo iliyoshikilia diski. Iachishe, kisha chagua Consolidate.

Naogopa kubonyeza Delete, viraka vyote si vitatoka?

Havitoki. Delete inabakiza hali ya sasa na kufuta njia ya kurudi. Revert ndiyo inayoondoa viraka, pamoja na kila kitu kilichoandikwa baadaye. Soma mara mbili kabla hujabonyeza.

Kiraka kimeleta shida siku ya tatu. Bado nina snapshoti. Nirudi?

Kama ni seva ya tovuti isiyohifadhi data, rudi. Kama ina hifadhidata, utapoteza mauzo, risiti na malipo ya siku tatu. Afadhali uondoe kiraka chenyewe. Seva inayosimamia domeni ya Windows usiirudishe nyuma kabisa, hasa kama ziko zaidi ya moja: wenzake wanakumbuka mabadiliko ambayo yenyewe haiyajui tena. Tangu Windows Server 2012 kuna kinga ya hali hiyo, lakini mimi siitegemei.

Nikae nayo muda gani?

VMware wanasema isizidi saa 72. Kwangu mimi ni hadi asubuhi ya kazi inayofuata: watumiaji wakishaingia na mfumo ukatulia, ifutwe. Usiweke alama kwenye chaguo la memori bila sababu, maana hapo memori yote ya mashine nayo inaandikwa diskini. Na kila wiki ingia kwenye seva mama, nenda kwenye folda ya stoo, uangalie zilizosahaulika:

```
ls -lh */*-0000*.vmdk
```

Faili likiwa na tarehe ya leo halimaanishi snapshoti ni ya leo. Ni kwamba bado linaandikwa.