Ujumbe wa kufunga duka na orodha ya asubuhi: ushauri kwa wanaohudumia wavuvi

Duka ninalolisimamia liko Kirumba, jijini Mwanza, na linauza vipuri vya injini za boti, taa za kuvulia dagaa na jaketi za kuokolea maisha. Tunafungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 12 jioni, lakini wateja wetu wengi hufanya kazi usiku, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Injini ikigoma saa 8 usiku, mvuvi hatasubiri kupambazuke ndipo aulize. Ataandika hapo hapo kwenye WhatsApp Business, na wakati huo sisi tumelala. Ndiyo maana nimeutumia kwa muda mrefu ujumbe unaojituma wenyewe baada ya saa za kazi, na msimamo wangu ni kwamba ujumbe huo ni ahadi inayotolewa usiku kwa niaba ya watu watakaotakiwa kuitimiza asubuhi. Pasipo orodha inayowafikishia ahadi hiyo, ni afadhali usiuwashe kabisa.

Nianze na kuuwasha, kwa sababu hapo kuna mtego unaowakamata wengi wa kwetu. Katika programu hiyo unaingia Business tools, kisha Away message, na katika sehemu ya Schedule unachagua Outside of business hours, chaguo ambalo hufuata saa za kazi ulizojaza katika wasifu wa biashara. Mtego uko katika saa hizo. Simu haihesabu saa kama tunavyohesabu sisi: saa 2 asubuhi huandikwa 8:00 AM, na saa 12 jioni huandikwa 6:00 PM. Jirani yetu mmoja alijaza 2:00 AM hadi 12:00 PM, yaani alifungua duka saa 8 usiku na kulifunga saa 6 mchana bila kujua. Dalili yake ni rahisi kuitambua: wateja wanaoandika saa 8 au saa 9 mchana wanajibiwa kwamba duka limefungwa, ilhali muuzaji amesimama kaunta akiwa na simu mkononi, na wale wanaoandika alfajiri hawajibiwi chochote.

Mtego wa pili umo katika sehemu ya Recipients. Ukichagua Everyone not in address book, ujumbe utawafikia tu wasiohifadhiwa katika simu, na hivyo wateja wako wa siku zote, ambao namba zao umezihifadhi kwa majina, ndio watakaokosa jibu usiku kucha. Mimi huchagua kuwatumia wote, kisha kupitia Everyone except… nawaondoa wasambazaji wetu na ndugu, ambao hawana haja ya kuambiwa duka linafunguliwa saa ngapi.

Kuna jambo moja lisiloonekana katika mipangilio: ujumbe huo hutumwa tu iwapo simu yenye akaunti imeunganishwa na intaneti. Simu ikiachwa dukani ikategemea kifurushi cha siku kinachoisha usiku wa manane, au ikategemea Wi-Fi ya duka ambayo huzimika umeme ukikatika, mteja hapati kitu. Sisi tumeiwekea simu hiyo kifurushi cha mwezi kilicho chake peke yake, na kabla ya kutegemea mpangilio wowote mpya, mfanyakazi mmoja huandika neno kutoka kwenye namba yake binafsi, ambayo haimo katika wale tuliowaondoa, baada ya duka kufungwa. Jibu likija, tunajua mambo yako sawa.

Sasa maneno yenyewe. Ujumbe wa kusema tu kwamba tumefunga na tutarudi kesho una kasoro mbili. Kasoro ya kwanza ni hilo neno kesho: mtu anayeandika saa 8 usiku wa kuamkia Jumanne hajui kama unamaanisha asubuhi hii inayokuja au ile ya Jumatano, na anayeandika Jumamosi usiku anaambiwa kesho wakati Jumapili hatufungui. Kasoro ya pili ni kwamba haumwombi mteja chochote, kwa hiyo asubuhi unaanza mazungumzo upya, unauliza injini gani, uko wapi, unaitaka lini, na kila swali linakula dakika zako huku yeye pengine yuko mahali pasipo na mtandao mzuri. Wetu unasomeka hivi:

"Habari. Kwa sasa tumefunga. Tunafungua Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Ili tukuhudumie mapema tukifungua, tafadhali tuandikie kifaa unachohitaji pamoja na picha ya kibao cha injini, mahali ulipo, na chombo kitakachobeba mzigo wako. Tafadhali usitume malipo kabla hatujakuthibitishia kwamba kifaa kipo."

Kibao cha injini ni kile kilichobandikwa kwenye mabano yanayoishikilia injini nyuma ya boti, chenye modeli na namba yake. Picha ya hicho inamaliza ubishi wote kuhusu kipuri kipi kinaingia, kwa kuwa injini mbili zenye nguvu ileile zaweza kuwa na vipuri tofauti. Sentensi ya mwisho niliiongeza kwa sababu fedha iliyotumwa usiku kwa ajili ya kifaa ambacho stoo haina huleta asubuhi ya kurudishiana pesa badala ya kuuza.

Hapo ndipo kazi ya orodha inapoanza, na hapa nitakaa kidogo. Jibu la kujituma likishatoka, ukitazama safu ya mazungumzo unaona chini ya jina la mteja maneno yako mwenyewe, kana kwamba ameshahudumiwa. Mbaya zaidi, mfanyakazi akiwa nyumbani na simu iliyounganishwa na akaunti hiyo akafungua ujumbe saa 11 alfajiri kwa udadisi tu, alama ya kutosomwa inafutika. Mwenzake akifika kaunta anaona mazungumzo yaliyosomwa na yenye jibu la duka, naye anapita. Mteja wa namna hiyo halalamiki. Anahamia duka jingine.

Kwa hiyo kanuni yetu ni kwamba hakuna anayemjibu mteja wa usiku kabla orodha haijaandikwa. Dada wa kaunta hufika saa 1:30 asubuhi, hufungua mazungumzo kuanzia jibu la kwanza la kujituma la usiku huo hadi la mwisho, na kuandika kila moja katika daftari: saa ujumbe ulipoingia, jina au namba, alichoomba, alipo, chombo cha mzigo, nani anashughulikia, na hali yake. Kila mazungumzo aliyoyaandika huyawekea lebo ya Usiku ndani ya programu, ili daftari na simu viweze kulinganishwa: idadi ya mistari isipolingana na idadi ya lebo, kuna mtu ameachwa. Kisha hupitia simu zilizopigwa zikakosa kupokelewa, za WhatsApp na za kawaida, kwa sababu mvuvi mwenye haraka mara nyingi hupiga badala ya kuandika. Daftari linatosha, jedwali la kompyuta tulilijaribu, likawa linasubiri mtu mmoja anayejua kulifungua.

Mpangilio wa orodha haufuati saa ya kuandika. Unafuata saa ya chombo. Nitoe mfano wa usiku mmoja. Saa 4 usiku mteja wa Igoma aliuliza bei ya jaketi 10. Saa 8 usiku mteja wa kisiwa cha Ukara aliandika kwamba injini inachemka na haitoi maji, akatuma picha ya kibao, akaomba impela ya pampu. Saa 11 alfajiri mtu wa Kayenze aliandika "Kuna mtu?" na hakuongeza neno. Tungefuata saa ya kuingia, wa Igoma angekuwa wa kwanza. Lakini yeye yuko mjini na anaweza kufika wakati wowote wa mchana. Mzigo wa Ukara unasafiri kwa meli hadi Nansio, unachukuliwa kwa barabara hadi Bugolora, kisha unavushwa tena, kwa hiyo ukikosa meli ya asubuhi kutoka Mwanza, mvuvi huyo amepoteza usiku mwingine wa kazi. Huyo akawekwa juu. Kijana wa stoo aliitafuta impela kwa modeli ya kwenye picha kabla hata mteja hajapigiwa, ili mazungumzo ya kwanza yawe: "Shikamoo mzee, impela yako ipo, bei ni hii, ukilipa sasa tunaiwahisha bandarini." Wa Kayenze alipigiwa simu moja ya kumuuliza anahitaji nini, kwa sababu ujumbe usio na maelezo bado ni mteja, na kwa maandishi angehitaji kuulizwa mara tatu. Wa Igoma akatumiwa bei mwishoni, ikiwa bado ni mapema kwake.

Hali katika daftari tunaiandika kwa maneno matatu tu: amejibiwa, anasubiri, imeisha. Mstari wa "amejibiwa" haufungwi, maana kumtumia mtu bei si kumhudumia. Unafungwa pale mzigo ulipotoka au mteja aliposema hataki. Saa 4 asubuhi mimi mwenyewe napitia mistari iliyobaki wazi na kumuuliza aliyeandikwa kuwa anashughulikia. Mahali pa jina pakiwa patupu, nalijaza jina la dada wa kaunta, na kwa hakika hilo limemfanya asiache mahali patupu.

Mpango huu una mipaka yake. Hausaidii dharura ziwani, na sikubali duka liweke maneno yanayomfanya mtu aliyekwama majini adhani kuna anayemsikiliza. Ndiyo maana ujumbe wetu unaanza kwa kusema tumefunga. Vilevile kazi haiwi sawa kila siku. Mbalamwezi ikiwa kamili wavuvi wengi wa dagaa hupumzika na daftari huwa na mistari michache, lakini katika wiki za giza mistari hujaa, na ya Jumatatu hubeba Jumamosi usiku na Jumapili nzima. Asubuhi hizo huwa nawaita watu wawili kufika saa 1:30, mmoja akiandika orodha na mwingine akiwa tayari stoo, na mizigo ya visiwani inafungwa kabla mlango wa mbele haujafunguliwa.