Keni au mipira ya matone? Maswali ya bustani ndogo za Dar

Shikamoo bwana shamba. Nina matuta matano nyuma ya nyumba, kila moja mita 6 kwa mita 1. Matatu ni ya mchicha, mawili nataka nyanya. Maji nachota kwenye pipa la lita 200. Ninunue mipira ya matone au niendelee na keni? (Kinyerezi)

Marahaba. Nyanya wekea mipira, mchicha endelea na keni. Sababu iko kwenye udongo. Sehemu kubwa ya Dar ni kichanga, na kwenye kichanga tone la maji halitambai pembeni, linazama chini. Tundu moja la mpira hulowesha duara lenye upana wa kama sentimita 30, pengine pungufu. Mche wa nyanya uliosimama peke yake unatosheka na duara hilo. Mchicha uliomwagwa mbegu tuta zima hautosheki: utaona mstari wa kijani kila ulipopita mpira, na katikati yake mstari wa mimea mifupi yenye rangi ya njano. Kulilowesha tuta lote la mita moja kungekudai mipira minne. Halafu mchicha unang'olewa baada ya wiki tatu au nne, tuta linalimwa upya, na kila mara itabidi mipira iondolewe. Siku utakayosahau, jembe litaikata.

Nyanya ni kinyume chake. Inakaa shambani zaidi ya miezi mitatu, kwa hiyo mpira ukishalazwa unatulia. Isitoshe, keni hurusha matone ya udongo kwenye majani ya chini na kuyaacha na unyevu, na hapo ndipo ugonjwa wa bakajani huanzia. Na mwenye keni huwa anamwaga sana leo, kesho anachelewa, keshokutwa anafidia. Nyanya huonyesha mtindo huo waziwazi: kitako cha tunda kinakuwa cheusi, au tunda linapasuka likikaribia kuiva.

Sasa hesabu yako. Tuta la mita za mraba 6, nyanya zikishakua, wakati wa joto la Januari na Februari linahitaji kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, yaani lita 30. Miche iliyohamishwa juzi inatosheka na nusu ya hapo. Laza mipira miwili kila tuta, yenye matundu kila sentimita 30. Hayo ni matundu 40 kwa tuta, 80 kwa matuta yote mawili. Panda miche kando ya mipira kwa umbali wa sentimita 50, utapata miche 24 kwa tuta.

Pipa liinue mita moja kutoka ardhini. Likijaa lina uzito wa zaidi ya kilo 200, kwa hiyo lijengee nguzo ya matofali. Meza ya mbao haitalibeba. Kwenye koki ya pipa funga chujio, ndipo mpira mkuu ufuate, kisha mipira ya matuta. Matundu yatazame juu, kwa sababu mchanga mwembamba unaopenya kwenye chujio hulala chini ya mpira. Mwisho wa kila mpira ukunje na kuufunga kwa namna inayofunguka, maana utaufungua mara kwa mara kuusafisha.

Mpira ulioandikwa lita 1.6 kwa saa hautakupa kiasi hicho. Kipimo hicho ni cha presha ya maji yaliyo juu mita 10. Kwa pipa la mita moja utapata kama theluthi yake, nusu lita kwa saa au zaidi kidogo. Na pipa likijaa matundu hutoa kwa kasi kuliko likikaribia kuisha. Ndiyo maana tunashauri usipime kwa saa. Pima kwa ndoo. Asubuhi tia ndoo moja na nusu ya lita 20 kwenye pipa tupu, fungua koki yote, yaishe yenyewe. Itachukua kama dakika 40. Jioni rudia. Kichanga hakihifadhi maji mengi, na lita 60 ukizimwaga kwa mkupuo mmoja nyingi zitapita chini ya mizizi.

Kwa kuwa pipa hilo sasa litakuwa la nyanya, maji ya akiba yatafutie chombo kingine. Mchicha wako utataka keni tatu za lita 10 kwa kila tuta kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni. Jumla ya bustani nzima ni lita 150 kwa siku, kwa hiyo akiba ya lita 200 haimalizi siku ya pili. Lipange hilo kabla mgao wa maji haujakubana.

Nimefunga mipira ya matone. Mimea ya mwanzo inastawi, ya mwisho inanyauka. Matundu yameziba? (Goba)

Huenda hayajaziba kabisa. Chukua kopo fupi, lichimbie chini ya tundu la kwanza, fungua maji kwa dakika 6 kamili, kisha pima ulichopata. Zidisha kwa 10, hicho ndicho kiasi cha tundu hilo kwa saa. Fanya hivyo katikati na mwishoni mwa mpira. Mililita 50 kwa dakika 6 ni nusu lita kwa saa.

Ukiona kiasi kinapungua kidogo kidogo kutoka mwanzo hadi mwisho, shida ni presha. Ama mpira ni mrefu mno kwa pipa lililo chini, ama unapanda mlima. Kwa pipa la mita moja usizidishe mita 10 au 15 kwa mpira mmoja. Goba ni vilima, na hapa watu wengi hukosea: presha yote uliyonayo ni mita moja, kwa hiyo mpira ukipanda sentimita 30 tu umepoteza karibu theluthi ya presha. Pipa likae upande wa juu wa bustani, na matuta yakate mteremko badala ya kuufuata, ili kila mpira ulale usawa.

Ukiona matundu mawili hayatoi kitu na jirani zake yanatoa vizuri, hapo kweli yameziba. Yakiwa yamepungua yote kwa pamoja, anzia kwenye chujio. Lioshe kila wiki, na kila siku kama maji yana tope. Kisha fungua miisho ya mipira, mmoja baada ya mwingine, uache maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe safi. Ukikuta utelezi wa kijani, mwanga unaingia kwenye chombo chako cha maji. Kifunike, au kipake rangi nyeusi. Ukikuta ukoko mweupe, ni chokaa ya maji ya kisima. Loweka kipande hicho kwenye siki usiku mmoja, kisha kisuuze. Usitoboe tundu kwa sindano. Litatoa maji, ndiyo, lakini litatoa maradufu na kuyanyima yanayofuata.

Kisima chetu kina chumvi. Nimesikia matone yanapunguza madhara yake. Ni kweli? (Kigamboni)

Ni kweli kwa sehemu, na ile sehemu nyingine ndiyo inayoua mimea.

Faida ni mbili. Maji hayagusi majani, kwa hiyo kingo za majani haziungui kama zinavyoungua ukimwagia maji ya chumvi kwa keni jua likiwa kali. Pili, udongo ulio karibu na tundu haukauki, na unyevu wa kudumu huizimua chumvi iliyo karibu na mizizi.

Lakini chumvi haipotei. Maji yanaisukuma mpaka ukingoni mwa lile duara lenye unyevu, na yanapokauka inabaki hapo. Baada ya wiki kadhaa za kiangazi utaona pete nyeupe kuzunguka kila tundu. Mmea uko salama maadamu unaishi ndani ya pete. Hatari inakuja na manyunyu ya kwanza: mvua ndogo huiyeyusha ile pete na kuirudisha kwenye mizizi, na siku mbili baadaye nyanya zimenyauka ilhali udongo ni mbichi. Basi mvua ndogo ikianza baada ya kiangazi kirefu, usifunge koki. Ifungue, matone yaendelee kuisukuma chumvi nje wakati mvua inanyesha. Mvua kubwa ya masika ikishashika, funga. Hiyo inaosha tuta zima.

Kwa sababu hiyo hiyo, usipande zao jipya kwenye nafasi iliyo katikati ya mipira bila kwanza kuliosha tuta kwa maji mengi. Na kama maji yenyewe ukiyaonja ni ya chumvi kabisa, maharage hayatakwenda kwa keni wala kwa matone. Spinachi na kiazisukari huvumilia zaidi.

Naweza kuunga mpira wa matone moja kwa moja kwenye bomba la nyumbani? (Tabata)

Tunakukataza. Presha ya bomba ikipanda inachomoa viunganishi au kupasua mipira myembamba. Kubwa zaidi, maji yakikatika bomba linaweza kuvuta kwa nyuma, na tope lenye mbolea likaingia kwenye maji mnayokunywa. Bomba lijaze pipa, mdomo wake ukae juu ya usawa wa maji, na pipa ndilo liilishe mipira.

Nikimwagilia mchicha kwa keni, mbegu zinahamia pembeni na udongo unakuwa mgumu juu. Nifanyeje? (Mbagala)

Angalia pua ya keni kwanza. Matundu yake yawe madogo, na uigeuze itazame juu, ili maji yapande kidogo kisha yaanguke kama manyunyu. Anza kumwaga nje ya tuta, maana maji ya kwanza hutoka kwa kishindo, ndipo uiingize keni tuta likiwa linapokea mvua sawasawa. Pita mara mbili: mara ya kwanza kidogo, subiri dakika chache mpaka juu pasing'ae, kisha umalizie. Mchanga mkavu kabisa hukataa maji mwanzoni, na hiyo ndiyo inayobeba mbegu.

Baada ya kusia, tandaza nyasi kavu nyepesi. Mbegu zikianza kuchomoza, siku ya tatu au ya nne, ziondoe jioni, miche isianze maisha yake kwenye jua kali.

Nasafiri siku nne. Nifungue koki kidogo sana ili itone polepole muda wote? (Bunju)

Hapana. Koki ikibanwa, maji hayajazi mipira. Yatatoka kwenye matundu ya karibu au yaliyo bondeni, na mengine yatakauka. Mwombe jirani ajaze ndoo zako zilizopimwa na kufungua koki yote, asubuhi na jioni. Kabla ya kuondoka, funika matuta kwa nyasi kavu unene wa vidole vitatu, bila kugusa mashina. Kama hakuna jirani na nyanya zimeshatua vizuri, mwagilia mara mbili mfululizo jioni ya kuondoka. Kipindi cha kipupwe nyanya zilizoshika mizizi zinaweza kuvumilia siku hizo. Januari hazitavumilia, na mchicha hautavumilia msimu wowote, kwa hiyo uvune kabla hujafunga mlango.