Kuandika malalamiko ya uonevu kazini

"Mfanyakazi kanilalamikia msimamizi wake. Nimeandika 'alidhalilishwa mbele ya wenzake'. Nimekosea?"

Ndugu, "alidhalilishwa" tayari ni hukumu. Mwulize alisikia nini hasa, uandike maneno yenyewe: "Mlalamikaji anaeleza kuwa Jumatatu saa 3 asubuhi, kikaoni, msimamizi alimwambia, 'Wewe huna akili.' Anasema aliona aibu." Aibu ni yake, iandike kama yake. "Anadai" liepuke pia, maana msomaji ataona humwamini. Kisha msomee, arekebishe, atie saini na tarehe.

Tafadhali usimwahidi siri kamili. Mlalamikiwa lazima ajue tuhuma ndipo aweze kujibu, kwa hiyo mwambie mlalamikaji mapema nani ataisoma karatasi hiyo. Usiiweke kwenye jalada lake la kawaida, ambalo wengi hulifungua.