Kazi zote ziko boksi moja? Basi badilisha mihimili

"Kaka nimechora maboksi manne ya haraka na muhimu, kazi zangu 11 zote zimeenda boksi la haraka na muhimu. Nakosea wapi?"

Hili naulizwa kila wiki jamani. Kazi zako hazina kosa, mihimili, yaani vile vipimo viwili vya mlalo na wima, ndo haitenganishi kitu. Dada mmoja fundi nguo alikuja na karatasi kama yako, na kwake kila mteja anataka Ijumaa, sasa hapo haraka itachuja nini? Tukafuta yote. Mlalo tukaweka muda atakaotumia, wima tukaweka hasara akichelewesha wiki moja. Sare 40 za shule ni siku nane, akichelewa tenda inaenda kwa fundi mwingine: kazi kubwa, hasara kubwa. Overloki inaruka nyuzi, kuisafisha na kubadili sindano ni nusu saa tu ila isipotengenezwa sare zote zinakwama, kwa hiyo anaanza na hiyo. Zipu ya jirani nayo nusu saa, lakini jirani ana suruali nyingine, fundi ataishona akipata upenyo. Kupaka rangi kibao cha duka siku mbili na hakuna anachopoteza, akisahau poa tu. Ona sasa, kila boksi limepata kitu.

"Nikiweka umuhimu wima na faida mlalo ni sawa?"

Si sawa, hicho ni kitu kimoja umekipa majina mawili. Ukiweka kidoti kwa kila kazi, vidoti vitapanda mshazari kama ngazi na maboksi mawili yatabaki matupu. Kabla hujachora, nitajie kazi moja iliyo juu huku na chini kule, halafu nyingine kinyume chake. Ukikosa, tafuta mhimili mwingine.

"Mstari wa katikati naukata wapi?"

Kwanza acheni kupeana alama 1 mpaka 10, kila mtu anajaza 7 na 8 halafu analalamika. Shika kazi mbili, uliza ipi inauma zaidi ikichelewa, ipange juu ya mwenzake, chukua inayofuata. Mstari wa muda ukate kwenye kitu unachokijua, yule fundi tulikata nusu siku kwa sababu zaidi ya hapo lazima wateja watamkatiza.

"Si Eisenhower, yule rais wa zamani wa Marekani, ndo aliyegundua haya maboksi?"

Kwenye hotuba ya 1954 alitaja matatizo ya haraka na ya muhimu, na mwenyewe alisema ananukuu mkuu wa zamani wa chuo. Maboksi yalichorwa na wengine baadaye.

"Nikishachora nafuata boksi kwa boksi?"

Hapana, maana boksi halioni kazi ipi inasubiri ipi. Vifungo vya zile sare vinaagizwa mjini na vinachukua siku tatu kufika, kuagiza ni simu ya dakika tano ambayo yule dada hata hakuiandika kama kazi, akaiacha imejificha ndani ya "sare 40". Ivunje hiyo kazi kwanza, simu ipate kidoti chake, apige leo kabla hata hajafungua overloki.