Kishika uchumba kutoka kwa mtu asiyekujua

Ukiwa umeajiriwa na unajifunza kazi ya pembeni, jihadhari na wiki ile watu wanapoanza kukusifia. Mimi ni karani wa hesabu, na ujuzi wangu wa pili ni kutengeneza majedwali ya Excel ya kufuatilia mauzo na mzigo kwa wenye biashara ndogo. Jedwali la kwanza niliwaonyesha jamaa na wenzangu 12. Wote wakasema, "Hii ungeiuza." Usiku huo nikaanza kupiga hesabu za kuacha kazi.

Wiki iliyofuata niliwarudia wale 12 nikiwa na bei, na sharti moja: nusu inalipwa kabla sijafungua kompyuta. Wakabaki wawili, na mmoja ni binamu yangu, ambaye angenunua hata mawe kama muuzaji ni mimi.

Tangu hapo sihesabu mtu hadi atoe kishika uchumba, na wanaonijua nawaandika pembeni. Katika miezi sita watu 23 waliniuliza bei, 9 wakatanguliza nusu, na kati ya hao 9 ni 5 tu waliokuwa wageni kabisa kwangu. Hiyo 5 ndiyo namba niliyoichukulia kuwa soko. Anayesema "nitakutafuta mwisho wa mwezi" mwekee alama ya kuuliza, na mwezi ukipita bila neno, mfute. Usimfukuzie kwa punguzo, maana ukishusha bei hutajua tena kama watu wanaitaka kazi yako au wanautaka urahisi wake.

Lakini oda zenyewe zinaweza kukudanganya, na hapa ndipo wengi tunapoumia. Kazi ya kwanza ya mgeni niliitoza sawa na mshahara wangu wa saa 8, kwa kuwa nilijua jedwali litanichukua saa 5. Kweli, lilichukua 5. Kisha zikaja saa 3 za kujibu ujumbe wake, saa 2 za kumfundisha kulitumia, na saa 4 za kurekebisha, kwa sababu jumla ya idadi iliyouzwa ilikuwa pungufu na sikuona kwa nini. Kumbe kwenye safu ya idadi mtu wake alikuwa anaandika "3 katoni" badala ya 3. Excel huona hayo ni maneno, na SUM huyaruka kimyakimya. Jumla yake: saa 14 kwa malipo ya saa 8. Nilikuwa nakesha kwa zaidi kidogo ya nusu ya kile ninacholipwa mchana.

Kwa hiyo weka daftari la saa tangu kazi ya kwanza, na uandike hata dakika 20 za simu. Langu lina tarehe, mteja, kazi, saa na malipo, na chini yake kuna mstari huu:

```
=SUM(E2:E40)/SUM(D2:D40)
```

Hayo ndiyo malipo yako halisi ya saa. Yalinganishe na mshahara wako wa mwezi uliogawanywa kwa saa unazofanya kazi mwezi huo. Daftari ndilo lililoniambia cha kurekebisha: nikafunga ile safu ikubali namba peke yake, nikaruhusu marekebisho mawili tu ndani ya bei, na mafunzo nikayatoza kivyake. Kazi kama ile sasa inamalizika kwa saa 6, kwa malipo yaleyale ya saa 8.

Utasema basi, inalipa kuliko ajira. Bado. Ukijiajiri, saa za kutafuta wateja, kudai madeni na kuandika bei hazilipwi na mtu. Katika saa 40 za wiki, ukiuza 20 umejitahidi. Likizo ni juu yako, ukiugua ni juu yako, na chochote mwajiri alichokuwa akikuchangia kwa uzeeni kinakoma. Kwa hesabu hiyo saa yangu ya pembeni ingebidi ilipe angalau mara mbili ya saa ya ofisini. Inalipa mara moja na theluthi.

Jambo moja nusura nilisahau, nalo linapaswa kutangulia yote: soma mkataba wako wa ajira. Mingine inadai ruhusa ya maandishi kwa kazi yoyote ya nje, na mingine inasema ulichotengeneza kwa vifaa au muda wa mwajiri ni mali yake. Kompyuta ya ofisi usiiguse kwa kazi hizi, hata saa ya chakula.

Sasa natazama namba mbili nyingine: wanaorudi kununua tena, na wageni ninaowakataa kwa kukosa nafasi ndani ya saa 10 nilizotenga kwa wiki. Mwezi uliopita walirudi 2, na sikumkataa hata mmoja. Kesho naingia kazini kama kawaida.