Rangi kwa kila ruti au kwa kila barabara kuu?

"Ramani ya mabasi ya jiji: ipi inaonyesha upesi pa kubadilishia gari?"

Rangi kwa barabara kuu, ruti zikiwa nyingi. Ramani ya matatu za Nairobi ya 2014 (Digital Matatus) ilifuata njia hiyo, kwa sababu ruti zinapita mia na jicho huanza kuchanganya rangi zikishazidi kumi hivi. Chukua ruti 44 na 45: zinapanda Thika Road pamoja, 44 inachepuka Roysambu, 45 inaendelea Githurai. Zikiwa rangi moja, unaona mara moja kwamba hadi Roysambu unaweza kupanda yoyote. Ila namba lazima irudiwe pale zinapoachana, la sivyo utapotea.

Anayetetea rangi kwa kila ruti yuko sahihi kwa ramani za mabasi ya London zinazoonyesha ruti za kituo kimoja tu, ambazo ni chache.

Udhaifu wa njia zote mbili ni katikati ya mji. Ukishuka stendi ya Odeon ukitaka gari la Rongai, unatembea hadi stendi ya Railways. Nukta moja ya "CBD" inaficha mwendo huo. Chora stendi mbalimbali na mstari wa miguu kati yake.